Pesa Imekatwa, Deni Bado Lipo

Ijumaa ya mwisho kabla ya mitihani ya muhula uliopita nililipa ada nikiwa nimejilaza geto. Laki sita na hamsini. Aplikesheni ya benki ikazunguka, ikazunguka, mwisho ikaandika kwamba muamala unashughulikiwa. Dakika moja baadaye meseji ikaingia kuwa salio langu limepungua kwa 650,000 na makato juu. Nikapiga skrinshoti ya ile meseji, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Jumatatu nafungua akaunti yangu ya mwanafunzi, nadaiwa 650,000 ileile. Na hapa kwetu, mwenye deni hachapi kibali cha mtihani.

Wengi wetu tunaamini pesa ikishakatwa basi bili imelipwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Chuo cha umma kinapokutoza ada, bili yako inasajiliwa GePG, mfumo wa serikali wa makusanyo ulioanza 2017, nao unatoa kontrol namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ukiiingiza kwenye simu, benki inaiuliza GePG bili hiyo ni ya nani, ya nini, ya kiasi gani. Ndiyo maana jina lako linatokea kabla ya kuthibitisha, na ndiyo sababu ya kulisoma badala ya kubonyeza fasta fasta. Ukithibitisha, benki inakata pesa, inaiarifu GePG, na GePG inakiarifu chuo. Meseji niliyokuwa naitunza kama yai ilithibitisha hatua ya kwanza tu.

Dirishani kwa mhasibu nikaonyesha skrinshoti. Dada wa watu akaitazama, akaniuliza, "Kontrol namba iko wapi hapa?" Haikuwepo. Meseji ilisema nimetoa pesa, haikusema nimelipa bili gani. Alichotaka ni risiti ya muamala yenye kontrol namba, jina la mlipaji, kiasi, tarehe na saa, na namba ya kumbukumbu ya benki. Hii ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana ndiyo inayomwezesha mtu wa benki kuutafuta muamala wako kati ya maelfu. Risiti hiyo ilikuwepo muda wote ndani ya aplikesheni, kwenye historia ya miamala, ikisubiri nibonyeze kupakua.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili yalimkuta hayohayo siku ileile. Kwa hofu ya kukosa mtihani akakopa, akalipa mara ya pili. Mtihani alifanya, lakini kufuatilia pesa ya kwanza kulimla hadi bumu lililofuata.

Kabla ya kulipa tena kuna kipimo rahisi ambacho yeye wala mimi hatukukijua. Rudi kwenye aplikesheni, ingiza kontrol namba ileile, ishia pale bili inapotokea, usithibitishe. Ikija na kiasi kizima kama vile hujalipa kitu, malipo yako hayajafika GePG. Tatizo liko benki, na kumsumbua mhasibu wa chuo ni kupoteza nauli. Ikikwambia bili imeshalipwa, au kiasi kimepungua kwa kuwa bili yenu inakubali kulipwa kwa awamu, basi pesa imefika na kilichochelewa ni kumbukumbu za chuo. Hapo ndipo foleni ya mhasibu ina maana.

Mimi nilielekezwa na kijana wa huduma kwa wateja. Nilimsomea namba ya kumbukumbu, akaona pesa imetoka kwangu lakini taarifa haikwenda. Wakaituma upya, na jioni ile deni likasoma sifuri.

Umeme ni afadhali kidogo, kwa kuwa LUKU inajithibitisha yenyewe: una tokeni ya tarakimu 20 au huna. Lakini hata hapo, meseji ya tokeni isipofika, watu wa geto hukimbilia kununua tena wakati tokeni ipo kwenye risiti ndani ya aplikesheni. Na itunzeni hiyo risiti mnaochangia mita, maana kodi ya jengo hukatwa humohumo kila mwezi, na anayenunua wa kwanza ndiye huonekana kaiba uniti.

Sasa kwa ofisi ya fedha yetu. Kama malipo yameshasomeka GePG, kwa nini mwanafunzi ndiye ageuzwe tarishi wa kubeba karatasi kutoka benki hadi chuoni? Wiki ya mitihani wekeni barua pepe moja ya kupokea risiti, na kibali cha muda kwa anayeonyesha namba ya kumbukumbu mnayoweza kuihakiki. Serikali ya wanafunzi ilipeleke hili mezani kabla kontrol namba za muhula ujao hazijatoka. Mimi risiti zangu nimeshazihamishia kwenye barua pepe, kwa sababu simu ya mwanafunzi huibiwa, na skrinshoti huenda nayo.