Msimamizi wa Ndoa Haombwi Kikaoni



Kipindi cha Kwaresima kikiisha na shangwe za Pasaka kupita, ofisi ya parokia huanza kupokea wachumba wengi. Wanakuja na vyeti vyao vya ubatizo, barua za Jumuiya na tarehe waliyokwisha kuilipia ukumbini. Sisi huwauliza mapema swali ambalo wengi hulidharau: "Nani atawasimamia, naye mmemwombaje?" Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo hilo, kwa sababu ya kisa kimoja kilichotufundisha mengi. Majina tumeyaacha kwa heshima ya wahusika.

Kijana mmoja alikuwa na rafiki aliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi. Walipanga chumba kimoja walipoanza kazi, na mmoja alipougua mwenzake alilala sakafuni hospitalini. Kijana alipopata mchumba, hakuwa na shaka nani angemsimamia. Siku ya kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, mbele ya watu kama thelathini, akainuka akasema, "Msimamizi wangu ni huyu kaka yangu hapa, pamoja na shemeji." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Rafiki akatabasamu, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akaandika jina lake, kikao kikaendelea na bajeti ya chakula.

Miezi miwili ikapita. Zilipobaki wiki tano kabla ya harusi, tuliwataka wachumba walete majina ya wasimamizi wao pamoja na nakala ya cheti chao cha ndoa. Ndipo rafiki akaanza kutopokea simu. Kijana akadhani mwenzake anakwepa mchango. Akasema maneno makali mbele ya wajumbe, na maneno hayo yakafika kwa mhusika kabla ya jua kuzama. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Rafiki yule alikuwa ameishi na mama wa watoto wake miaka tisa bila ndoa ya Kanisa, kwa kuwa mahari haikuwa imemalizika, na mtaani wote waliwajua kuwa mume na mke. Siku ile ya makofi alikuwa na njia mbili tu: aseme ukweli mbele ya watu thelathini, au ainamishe kichwa. Ni nani kati yetu angeweza kusema?

Ndugu zangu, hapa ndipo penye funzo la kwanza. Ombi linalotolewa hadharani si ombi, ni tangazo. Aliyeombwa hana mlango wa kutokea. Tunadhani tunamheshimu rafiki kwa kumtaja mbele ya umati, kumbe tunamnyang'anya uhuru wa kujibu. Nasi tunajua kwamba katika Kanisa neno "nakubali" halina thamani pasipo uhuru. Tunawauliza maarusi kama wamekuja kwa hiari yao wenyewe, bila kushurutishwa. Je, haifai aliyeitwa kuwashuhudia naye aje kwa hiari hiyo hiyo?

Ili tuelewe tunachomwomba rafiki, ni vema kutofautisha mambo mawili ambayo kwetu yamechanganyika: shahidi na msimamizi.

Shahidi ni takwa la sheria. Hapo kale watu waliweza kupeana ahadi ya ndoa faraghani, na ndoa ikawa halali. Baadaye mmoja akaikana na kuoa kwingine hadharani, wala hapakuwa na wa kuthibitisha. Kwa ajili ya fujo hiyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Leo Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1108, inadai mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Kazi ya shahidi ni ndogo lakini ni ya lazima: awepo, aelewe kinachotendeka, na aweze kukieleza baadaye. Kanuni hiyo haimdai awe tajiri, wala awe na ndoa, wala hata awe Mkatoliki. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka mashahidi wasiopungua wawili.

Msimamizi ni zaidi ya hapo, naye ametokana na desturi yetu. Tunataka wasimamizi wawe mume na mke waliofunga ndoa takatifu, kwa sababu tunawakabidhi kazi itakayoendelea baada ya harusi. Ugomvi wa kwanza utakapotokea, vijana hawatakimbilia kwa wazazi wala kwa paroko. Watabisha hodi kwa wasimamizi wao. Kwa kawaida hao wawili ndio pia wanaotia sahihi katika daftari la ndoa, na kwa hiyo watu hudhani ni kitu kimoja. Utaratibu huu wa kudai cheti ni wa kichungaji, nao unaweza kutofautiana kati ya parokia na parokia. Basi anayetaka kumwomba rafiki yake aanze kwa kuuliza kwa paroko wake ni nini kinachotakiwa, kabla hajafungua kinywa kwa mtu yeyote.

Akishajua, amwendee rafiki nyumbani kwake, kabla kamati haijakaa. Kama rafiki ana mwenzi, aombe kuonana na wote wawili, maana wote wawili ndio watakaosimama. Tumeona mke akipata habari kwamba yeye ni msimamizi kutoka kwa fundi cherehani aliyekuja kumpima! Kisha aseme wazi anachoomba: tarehe, siku ya mafundisho watakayotakiwa kufika, nani atagharimia suti na gauni, na kama mchango wao utakuwa sawa na wa wengine. Haya ya fedha tunayaonea haya, lakini ndiyo yanayovunja urafiki yakifichwa. Mwisho, aufungue mlango kwa maneno kama haya: "Kaka, nakuomba kwa sababu unanijua. Lakini kama kuna jambo linalokuzuia, niambie, wala sitakuuliza ni jambo gani. Mzungumze na shemeji, nitarudi Jumapili." Kisha aondoke kweli, asisubiri jibu mlangoni.

Sasa tumgeukie aliyeombwa. Wengi wetu tunadhani kukubali kwa heshima ni kusema "ndiyo" haraka. Sivyo. Kukubali kwa heshima ni kutoa "ndiyo" ambayo mwenzako anaweza kuiegemea. Kwa hiyo aliyeombwa ashukuru kwanza, kwa maana kuchaguliwa ni zawadi hata kama hataweza. Apokee siku chache alizopewa, azitumie kupima muda, mfuko na hali ya ndoa yake mwenyewe, kisha ajibu siku ileile waliyoagana. Kama anaweza kwa sehemu, aiseme sehemu hiyo: "Tumekubali kwa furaha. Mavazi tutajigharimia; mchango mkubwa hatutauweza mwaka huu." Neno hilo halipunguzi heshima yake hata kidogo. Linalopunguza heshima ni kukubali yote leo, kisha kuzima simu wiki tano kabla ya siku.

Na kama hawezi, asitunge safari ya kikazi. Inatosha kusema, "Ndugu yangu, umeniheshimu sana, lakini kwa nafasi hii siwezi. Nipe nyingine nikutumikie." Dalili ya uongo mdogo ni kwamba unahitaji mwingine wa kuulinda. Muombaji naye atimize ahadi yake ya kutouliza.

Yohane Mbatizaji, alipoieleza nafasi yake mbele ya Kristo, alijilinganisha na rafiki wa bwana arusi. Hakuchagua mfano wa mgeni wa heshima. Alimtaja rafiki anayesimama na kusikiliza, na furaha yake ikatimia anapoisikia sauti ya bwana arusi. Tena akaongeza kwamba yampasa yeye kupungua. Tukiuchukua mfano huo kwa uzito, tutaona kwamba nafasi ya rafiki haipimwi kwa kiti cha mezani pa maarusi wala kwa picha. Mtu anaweza kupungua mpaka akawa nje ya picha kabisa, na bado akawa rafiki wa bwana arusi.

Turudi kwenye kisa chetu. Rafiki yule alikuja ofisini jioni moja, peke yake, akatueleza. Tulimwuliza kama alikuwa tayari kumweleza mwenzake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, yeye aliniomba mbele za watu. Mimi nitamjibu tukiwa wawili." Wakaonana. Hatujui walisemezana nini. Tunachojua ni kwamba kijana alirudi kwenye kamati, akakiri kuwa maneno yake yalikuwa ya uonevu, wala hakutoa sababu nyingine. Wanandoa wazee wa Jumuiya yao walikubali kuwasimamia, wakaleta cheti chao kilichokuwa kimeanza kupasuka kwenye mikunjo.

Asubuhi ya harusi, aliyemfunga bwana harusi tai alikuwa rafiki yake. Ndiye aliyeendesha gari, ndiye aliyetunza pete mfukoni mpaka mlangoni mwa kanisa, hapo akazikabidhi kwa mzee. Wakati wa ahadi alikuwa amesimama safu ya tatu na mama wa watoto wake. Sisi tuliokuwa altareni tulimwona, alikuwa akisikiliza.

Baada ya miezi kadhaa wawili hao walikuja kuuliza kuhusu ndoa yao wenyewe. Tuliwaeleza kwamba deni la mahari ni jambo la familia kuzungumza, wala sakramenti haisubiri ng'ombe wa mwisho. Mazungumzo na wazee bado yanaendelea, na tunawaombea. Wasimamizi tayari wamekwisha kuwaomba. Walikwenda nyumbani kwa yule kijana na mkewe, jioni, pasipo kikao. Wakawaachia juma zima la kufikiri.

Jibu lilirudi siku ya pili. Tunawasamehe kwa haraka hiyo.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.