TELEVISHENI YA MGAHAWA ISINUNULIWE KWA BEI PEKE YAKE



Mkutano ujao utaamua habari ya televisheni ya mgahawa wetu. Maneno yaliyozagaa kijiweni ni haya: "Televisheni ni televisheni, tuchukue ya bei poa." Sisi tunasema hapana! Hayo ni maneno ya kutupa fedha za wanachama.

Tufanye hesabu. Mgahawa unafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Hizo ni saa 16 kwa siku, yaani saa 5,840 kwa mwaka. Nyumbani, mtu akiwasha saa 5 kila siku, atafikisha saa 1,825 tu. Basi mwaka mmoja wa mgahawani ni zaidi ya miaka mitatu ya sebuleni.

Mara nyingi kinachokufa mapema ni zile taa ndogondogo zilizopangwa nyuma ya kioo. Adui yao ni joto, na sisi tunataka kuitundika karibu na jiko! Dalili ni hii: sauti inasikika, kioo cheusi. Mulika tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu inacheza, ujue taa zimekwisha. Utakimbilia dukani na risiti? Waranti ya televisheni ya nyumbani kwa kawaida haihusu matumizi ya biashara. Hapo ndugu tumeliwa.

Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Kwenye karatasi ya maelezo utasoma 16/7, maana yake saa 16 kwa siku, siku 7 za wiki. Waranti yake inakubali biashara, na vitufe vyake hufungwa ili kila mteja asichezee sauti. Ni kweli, bei yake ni kubwa, mara nyingi mara mbili au zaidi. Tena baadhi hazina spika, kwa hiyo muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka.

Wengine watauliza, mbona kinyozi wetu anayo ya kawaida na inadumu? Kinyozi anawasha saa 6 tu kwa siku. Ya nyumbani inamtosha, hasa akishusha ukali wa taa kwenye menyu, palipoandikwa Backlight. Kazi yake si kazi yetu.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, Katibu alete mkutanoni karatasi ya maelezo na masharti ya waranti, si bei peke yake. Pili, kama fedha hazitoshi kununua ya 16/7, basi ya nyumbani iwekwe mbali na jiko, ishushwe ukali, na izimwe saa ambazo hakuna wateja. Asiyekubali kuizima asituambie habari ya bei poa.

Rahisi huwa ghali. Njooni mkutanoni!