Z ya Mpokezi Haikuchopekwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Kisaki alinijia na shairi lake lililorudishwa na mhariri. Lilikuwa la mizani nane kwa nane, na kina cha mwisho kilikuwa *zi* kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa tisa. Katika ubeti wa nne aliandika kipande hiki: *Nimekuja mpokezi*. Mhariri alilikata neno la mwisho kwa wino mwekundu, akaandika juu yake *mpokeaji*, na pembeni akaongeza maelezo: "Mzizi wa pokea ni poke-. Hauna z. Z imechopekwa bila sababu."

Hesabuni wenyewe, ndugu zangu. *Ni-me-ku-ja-m-po-ke-zi* ni mizani nane. Ukiweka *m-po-ke-a-ji* unapata tisa, na kina kimekufa. Hilo peke yake lingetosha kunikasirisha, lakini mshairi aliyezidiwa na mizani huweza kupindua mstari akajiokoa. Lililonifanya nishike kalamu ni yale maelezo ya pembeni, kwa sababu nimeyasikia kwa miaka mingi katika vyumba vya ualimu: kwamba *l* ya *pokelewa* "imechopekwa kurahisisha matamshi", na *z* ya *mapokezi* nayo vivyo hivyo. Nikiri kwamba hata mimi, nilipokuwa mwalimu mchanga, niliwafundisha wanachuo maneno hayo hayo. Nilikosea, na mhariri amekosea.

Tuanze na hoja ya urahisi. Kama tatizo la *mpokei* au *mnunui* lingekuwa kwamba irabu mbili haziwezi kukaa pamoja, tungesemaje *hapokei*? Tungesemaje *hanunui*? Tunayatamka bila kujikwaa. Na *pokea* yenyewe ina irabu mbili zilizokaa jirani kwa amani. Ulimi wa Mswahili hauogopi irabu jirani hata kidogo, basi hiyo *z* ilikuja kumsaidia nani?

Sasa tazama kwamba *z* hii haiji ovyo. *Nunua* hutoa *nunuliwa* na *mnunuzi*. *Lea* hutoa *lelewa* na *mlezi*. *Zaa* hutoa *zaliwa* na *mzazi*. *Okoa*, *okolewa*, *mwokozi*. *Pindua*, *pinduliwa*, *mapinduzi*. Kila penye *l* upande mmoja pana *z* upande wa pili. Mtu anayeamini kuchopeka analazimika kuamini machopeko mawili: moja linaloleta *l* katika kauli ya kutendwa na kutendea, jingine linaloleta *z* katika nomino, na hana la kusema juu ya kwa nini mawili hayo hutembea kama pacha. Mimi nahitaji kitu kimoja tu. Nasema umbo la ndani la kitenzi hiki ni *pokel-*, na la *nunua* ni *nunul-*. Mbele ya *-a* ya mwisho *l* imeanguka, tukabaki na *pokea*. Mbele ya *-ewa* imedumu, tukapata *pokelewa*. Na mbele ya *-i* ya kutengenezea nomino imelainika ikawa *z*.

Kulainika huko si kwa *l* peke yake. *Linda* ina *d*, nayo hutoa *mlinzi*. *Tunga* ina *g*, hutoa *mtunzi*. *Fuata* ina *t*, hutoa *mfuasi*. *Gomba* hutoa *ugomvi*. *Pika* hutoa *mpishi*, na *andika* hutoa *mwandishi*. Hakuna anayesema kwamba *sh* ya *mwandishi* imechopekwa. Kila mtu anaiona ile *k* iliyogeuka, kwa kuwa *k* bado inaonekana katika *andika*. Kosa la *l* ni kwamba ilijificha katika umbo tunaloliandika kwenye kamusi. Mhariri amedhani kwamba asiyeonekana mlangoni hayumo nyumbani.

Hapa mjuzi mmoja ataniuliza: kama *i* hulainisha, mbona tunasema *pikia*, si *pishia*? Mbona *sipiki*, si *sipishi*? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloua kabisa hoja ya urahisi wa matamshi. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba, si tano. Palikuwa na *i* mbili: moja iliyobanwa juu kabisa karibu na kaakaa, nyingine iliyolegea chini yake kidogo. Carl Meinhof, Mjerumani aliyechapisha kitabu chake cha sauti za Kibantu mwaka 1899, aliziita zile zilizobanwa irabu nzito. Pumzi ikipita katika mwanya ule mwembamba hukwaruza, na konsonanti iliyotangulia huambukizwa mkwaruzo: *k* huwa *sh*, *l* huwa *z*. *I* ya *mpishi* ilikuwa nzito, *i* ya *pikia* ilikuwa ile iliyolegea. Baadaye Kiswahili kiliziunganisha zote mbili, sikio likakosa tofauti, lakini alama ya ile nzito ikabaki kwenye konsonanti, kama kovu lililobaki baada ya kidonda kupona. Kisukuma hadi leo kina irabu saba. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliieleza historia ya Kiswahili na ndugu zake wa pwani kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1993, na anayetaka ushahidi wa sauti moja moja ataupata humo.

Kwa hiyo anayesema *k* hugeuka *sh* "kwa sababu ni vigumu kutamka *ki*" ajibu kwanza kuhusu *kiti*, *kitabu* na *fikiri*. Kisha ajibu kuhusu cheo chake mwenyewe. Anayechambua mashairi huitwa *mhakiki*. Kwa nini si *mhakishi*? Kwa sababu *hakiki* ni mgeni kutoka Kiarabu. *I* yake haikupita katika ule mwanya mwembamba wa mababu. Kadhalika *shtaki* hutoa *mshtaki*. *Mwandishi* na *mhakiki* wanakaa meza moja, mmoja kalainika, mwingine hakulainika, na tofauti yao ni ya ukoo.

Waingereza wana jambo la namna hii hii. Neno wanalolitamka *elektrik* hupata kiambishi likawa *elektrisiti*, na *k* imekuwa *s*. Lakini kitenzi chao cha kuoka, *beik*, kikipata kiambishi chenye *i* hubaki *beiking*. Maneno ya ukoo wa Kilatini hulainika, yale ya nyumbani hayalainiki. Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walidai kwamba msemaji amehifadhi kichwani umbo moja la ndani, na kanuni ndizo zinazolitoa nje katika sura mbili. Wenzao wakawapinga: je, msemaji kweli anayo kanuni, au amekariri tu maneno mawili yanayofanana? Ugomvi huo ni halali, nao unatuhusu, maana mimi pia sitaki kumtia mtu kichwani kitu ambacho hana.

Basi nimpe mhariri silaha yake bora kabla hajaitafuta. Ni kitenzi *sahau*. Kimetoka Kiarabu, na huko hakina *l* yoyote. Hata hivyo tunasema *sahauliwa* na *sahaulika*, na mtu ni *msahaulifu*. Vivyo hivyo *dharau* na *dharauliwa*. Hapa nakubali bila kinyongo: *l* hii imechopekwa. Wasemaji walizoea kuona *nunua* ikileta *nunuliwa*, wakampa mgeni desturi ya wenyeji.

Lakini tazama mgeni alipewa nini na alinyimwa nini. Alipewa *l*. Hakupewa *z*. Hakuna *msahauzi* wala *mdharauzi*, wala sikio la yeyote kati yenu halitavumilia. Ilhali vitenzi vya nyumbani vinavyoishia na irabu kabla ya *-a* vimeendelea kuzaa kwa *z* mpaka katika maneno ya siasa na ofisi: *uchaguzi*, *uzinduzi*, *utatuzi*, *ufunguzi*. Kama *z* ingekuwa chopeko tu la kutenganisha irabu, *sahau* ingeihitaji kuliko wote. Imeikosa kwa sababu haina *l* ya urithi ya kulainisha. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi siku hizi. Ukiona *l* peke yake, usiape. Huenda ni ya kuazima. Ukiona *l* na *z* katika familia moja, hiyo ni *l* ya mzizi, na kamusi ilipaswa kuionyesha.

Kipimo hicho kina mpaka wake, nami sitauruka. Sokoni hapa Kisaki, mzee wa Kiluguru akishuka milimani kununua chumvi, kwake kununua ni *kugula*. Kutokana na mzizi huo huo, ukiongezwa ile *i* nzito ya kusababisha, ndipo lilipotoka neno letu *uza*: kumfanya mtu anunue. *G* imepotea, *l* imelainika ikawa *z*, na kitenzi cha mama kimetoweka katika Kiswahili sanifu, nafasi yake ikachukuliwa na *nunua*. Je, niseme kwamba umbo la ndani la *uza* leo ni *gul-*? Hapana. Mtoto aliyezaliwa Mzizima au Tanga hana neno lolote la Kiswahili litakalomwonyesha *gul-* hiyo. Kwake *uza* ni yatima, na mzizi wake ni *uz-*. Wapo wenzangu wapenda asili ambao wangetaka turudishe kila kilichoanguka, nao wamepotea njia kwa upande wa pili. Historia ya *uza* ni kweli kama ya *mpokezi*, ila moja bado iko hai katika vinywa vyetu, kwa kuwa *pokelewa* na *mapokezi* husemwa kila siku, na nyingine imebaki kwa watafiti na kwa mzee wa milimani.

Sijasema *mpokeaji* ni kosa. Kiambishi *-aji* huanza na *a*, hakilainishi kitu: *mpikaji* yupo kando ya *mpishi*, na kila mmoja ana kazi yake. Nimesema tu kwamba anayejua *mapokezi* hana haki ya kulikata *mpokezi*. Mkondo ni ule ule, kiambishi ni kile kile, aliyebadilika ni ngeli.

Nimemwambia kijana airudishe *mpokezi* mahali pake na alitume shairi tena, akiambatisha karatasi yenye maneno manne: *mlezi*, *mzazi*, *mnunuzi*, *mwokozi*. Mhariri akitaka kulikata tena, ayakate na hayo manne, kisha anieleze kwa nini kadi yake inamwita mhakiki.