Demo Si Mchezo wa Watoto

Kila penye vijana wanaofanya foreksi utaisikia kauli hii: demo haifundishi kitu, weka hela yako ndipo utajifunza. Naipinga, kwa sababu inawamaliza watu wenye mitaji midogo, na mara nyingi anayeisema ni wakala anayelipwa kamisheni kwa kila biashara unayofungua kwa fedha halisi. Kwenye demo hapati kitu.

Mchukue kijana mwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo. Tuseme ana akiba ya dola 600, na amepata wazo. Soko la London likifunguliwa, saa 4 asubuhi kwetu (saa 5 Ulaya ikiwa kwenye majira ya baridi), anaangalia bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ambazo euro ilifikia usiku dhidi ya dola. Bei ikivuka ile ya juu, ananunua. Ikishuka chini ya ile ya chini, anauza. Anafungua biashara moja tu kwa siku, na anatoka soko likienda pointi 20 upande wake au 20 dhidi yake. Pointi moja ni 0.0001 ya bei.

Kwa watu wa “weka hela”, wazo hilo linatosha. Yeye anafungua demo, na jambo la kwanza anakataa zile dola 10,000 za bandia ambazo madalali wengi hutoa. Anaweka 600, kama akiba yake ilivyo. Kisha anaandika kila biashara kwenye daftari lake la duka: saa, bei ya kuingia, bei ya kutoka, na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tofauti hiyo, tuseme pointi 1.5, hailipwi kwa risiti, lakini inakatwa kila mara. Akishinda anabaki na 18.5. Akishindwa anapoteza 21.5.

Katika biashara 20 za mwanzo anashinda 13. Ana faida ya pointi 90, na hapa ndipo wengi hukimbilia benki. Yeye anaendelea hadi 100, kazi ya miezi mitano hivi, maana soko halifunguliwi Jumamosi na Jumapili. Mwishoni ameshinda mara 52 na kushindwa mara 48. Kwa macho, wazo limeshinda. Piga hesabu: 52 mara 18.5 ni 962. 48 mara 21.5 ni 1,032. Amepoteza pointi 70. Ili kurudisha gharama tu alihitaji kushinda mara 54 katika 100.

Daftari linaonyesha jambo jingine. Mahali fulani katikati alishindwa mara tano mfululizo. Hilo ni la kawaida kabisa kwa wazo linalokaribia nusu kwa nusu. Kwa loti 0.01, pointi moja ni senti 10 za dola, na hasara hizo tano zingemgharimu chini ya dola 11. Kwa loti 0.5, ambayo dalali wa mkopo wa 1:500 angemruhusu kuifungua, pointi ni dola 5. Kama hasara hizo zingemkuta mwanzoni, angebaki na dola 62 na nusu, zisizotosha hata dhamana ya biashara ya sita.

Watasema demo haina hofu. Kweli, haina. Lakini hofu inakuonyesha tabia yako, haikuonyeshi kama wazo lako lina faida. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya dhamana ya Ulaya, ilipoweka mipaka kwenye biashara za mkopo za aina hii, ilieleza kwamba kati ya akaunti 74 na 89 katika kila 100 za watu wa kawaida hupoteza fedha. Hao wote waliweka hela halisi. Iliwafundisha nini?

Udhaifu wa kweli wa demo uko kwingine: inakupa bei nzuri kuliko soko. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tofauti ya bei hupanuka na oda yako hujazwa mbali na ulipoomba. Kwa hiyo kijana huyu anapaswa kuongeza angalau nusu pointi ya gharama kwenye kila mstari wa daftari. Wazo lililoshindwa kwenye demo, basi, lingeshindwa zaidi kwenye soko halisi.

Sasa atashawishika kubadili kanuni, labda atoke kwenye pointi 30 badala ya 20, kwa sababu akizirudia biashara zake kwenye chati anaona kwamba hivyo angepata faida. Anaruhusiwa kubadili. Ila zile biashara 100 za zamani hazihesabiki tena kama ushahidi, kwa kuwa ndizo zilizomwonyesha hiyo 30. Anafungua ukurasa mpya na kuhesabu tangu moja, na akiba inabaki benki.