Rufaa haiishii kwenye lango la zahanati

Huku Amagoro wengi wanaamini kwamba kazi ya mhudumu wa afya ya jamii huisha mgonjwa akishapokewa zahanati. Fomu imeandikwa, bodaboda imelipwa, mtoto yuko mikononi mwa wenye ujuzi. Yaliyobaki ni mambo ya madaktari. Wanaosema hivyo si wanakijiji peke yao. Wauguzi husema, na hata baadhi ya wahudumu wenyewe, maana ni imani inayompumzisha kila mtu. Ila haina ukweli, na wanaolipa gharama yake ni watoto.

Mhudumu mmoja wa vijiji vya nyuma ya mji wa Malaba aliamua kuipinga kwa kalamu. Alimwandikia msimamizi wa zahanati ambayo hapa haitatajwa, akaanza kwa adabu zote: salamu kwa Daktari, salamu kwa Sista wote wa zamu, shukrani kwa kumpokea mtoto usiku. Kisha akaingia kwenye shida. Fomu aliyompa mama wa mtoto ilikuwa imerudi, na nusu yake ya chini ilikuwa tupu.

Fomu yenyewe ni MOH 100, karatasi ya rufaa ya jamii inayotumika Kenya nzima. Sehemu A huanza na mhudumu: jina la mgonjwa, umri, sababu ya kumpeleka, huduma aliyopewa nyumbani. Mwisho wa sehemu hiyo kuna nafasi ya aliyempokea mgonjwa: tarehe, saa, jina lake na hatua aliyochukua. Sehemu B ndiyo safari ya kurudi. Hapo zahanati humwandikia mhudumu, chini ya namba moja hadi tatu, mambo anayotakiwa kumfanyia mgonjwa akiwa nyumbani. Kwenye fomu ya mama huyu saa haikuandikwa, hatua haikuandikwa, namba zote tatu hazikuwa na neno. Kilichokuwapo ni muhuri wa zambarau, umegongwa vizuri kabisa juu ya mistari mitupu.

Je, pengo hilo lina madhara gani, ikiwa mtoto amerudi akitembea?

Mtoto alikuwa na miaka miwili na kilo 11. Mhudumu alimpima damu kidoleni, kipimo kikaonyesha malaria. Kwa kawaida angempa vidonge vya AL hapo hapo, kimoja kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Lakini mtoto alikuwa ametapika kila alichonyweshwa na alikuwa amelegea, asiamke vizuri. Hizo ni dalili za hatari, na hazitibiwi nyumbani. Akaandika rufaa.

Malaria kali ina utaratibu wake. Mtoto hudungwa atesuneti anapofika, hudungwa tena baada ya saa 12, na mara ya tatu baada ya saa 24. Hata akianza kucheza baada ya sindano ya kwanza, hizo tatu hazipunguzwi. Akiweza kumeza, huanza dozi kamili ya AL ya siku tatu, kwa kuwa sindano pekee hupunguza vijidudu upesi bila kuvimaliza. Mtoto anayekatiziwa hapo huonekana amepona, kisha homa humrudia.

Sasa mhudumu anamkuta mama nyumbani asubuhi ya pili. Mama anasema mwanawe alidungwa, anadhani mara mbili, akapewa vidonge kwenye bahasha. Bahasha haina maandishi, na ndani mna vidonge vinne. Je, viwili vimeshamezwa zahanati, au dozi ilitolewa pungufu? Sindano ya tatu ilichomwa alfajiri mama akiwa amesinzia, au haikuchomwa kabisa? Kama saa ya kupokelewa ingeandikwa, mhudumu angehesabu mwenyewe. Kama neno moja tu la hatua iliyochukuliwa lingekuwapo, angejua amrudishe mtoto au asimamie vidonge. Bila hayo anabaki kukisia, na mama aliyekesha zahanati hawezi kulaumiwa kwa kutohesabu sindano.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa atesuneti huishiwa damu baadaye, kati ya wiki moja na nne, vijidudu vikiwa vimekwisha. Anayeweza kuliona hilo ni yule anayepita nyumbani: viganja vimepauka, mtoto anachoka upesi, mkojo umekuwa mweusi. Lakini ni lazima ajue kwamba mtoto huyo alidungwa dawa hiyo, na damu yake ilikuwa kiwango gani alipotoka. "Mkiniandikia tu nimtazame viganja kila wiki, nitamtazama," aliandika.

Wanaodhani haya ni malalamiko ya kijijini watazame yaliyotokea nchi nyingine. Kati ya 2018 na 2020 mradi wa CARAMAL ulifuatilia watoto wa Uganda, Kongo na Nijeria wenye dalili za malaria kali, baadhi yao wakiwa wamepewa na wahudumu wa jamii atesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya kupelekwa hospitali. Dawa hiyo ilitarajiwa kupunguza vifo. Haikuonekana kupunguza, na sehemu kubwa ya watoto waliofika hospitali hawakupata matibabu kamili, yaani sindano na kisha dawa ya kumeza. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi zisiipanue kwanza huduma hiyo. Watoto walifikishwa langoni, na lango halikutosha.

Utetezi wa zahanati unajulikana, na si wa uongo wote. Muuguzi mmoja anachanja, anapima wajawazito, anatoa dawa na kuandika madaftari. Lakini muhuri ulipatiwa muda. Na matibabu yale yale tayari yamenakiliwa kwenye daftari la zahanati. Kinachoombwa ni mistari mitatu.

Kuna wanaonong'ona kwamba wahudumu hawana siri. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa wenye virusi vya ukimwi katika vijiji ambavyo kila mtu ni shemeji wa mtu. Hata hivyo Sehemu B haiulizi ugonjwa. Inauliza kazi: hakikisha anamaliza vidonge, mrudishe Jumanne, akitapika mlete leo. Hakuna siri inayovuja hapo.

Wengine wanategemea simu ambazo wahudumu walipewa mwaka 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu laki moja. Simu inasaidia kupeleka taarifa. Haiwezi kujijazia jibu ambalo mtu wa zahanati hakuliandika.

Na hapa kuna mpaka. Mama wa Amagoro akihitaji msaada wa kulea, huvuka daraja la Malaba kwenda kwa nyanya wa mtoto upande wa Tororo, na mara nyingi huvuka wiki ile ile ya ugonjwa. Huko nako wako wahudumu wa vijiji. Wakiletewa mtoto aliyepauka, karatasi ya mama ndiyo pekee itakayowaeleza alichotibiwa, na karatasi yenye muhuri mtupu haiwaambii kitu.

Ombi la mwisho la barua lilikuwa dogo: fomu zilizorudi zipelekwe kwenye mkutano wa kila mwezi wa wahudumu na zahanati, zihesabiwe mbele ya msimamizi ni ngapi zina saa ya kupokelewa na ngapi zina agizo hata moja. Halafu anayeshika muhuri awe yule yule anayejaza Sehemu B, na asiugonge kabla ya kuandika.