Kachri za Muhogo Zisizolegea Jioni

Juma hili twawaletea jambo la jikoni, ambalo mama mmoja wa mtaa wetu wa Murara, hapa Goma, alitujia nalo akiwa na huzuni. Mama huyu hukata muhogo mbichi vipande vyembamba, huvikaanga katika mafuta, huvitia chumvi, kisha huvifunga katika vifuko vya kuuza. Watu wa Mombasa huviita vipande hivyo kachri, nasi tutalitumia jina hilo kwa kuwa ni fupi. Fedha azipatazo ndizo zinazomlipia kijana wake karo ya shule ya sekondari. Siku moja alipeleka vifuko 30 dukani, na kesho yake akarudishiwa 22.

"Mwalimu," alituambia, "asubuhi zinavunjika kwa mlio, jioni zinapindika kama ngozi. Mafuta nimeyalipa, makaa nimeyalipa, na mtoto angali anadaiwa."

Tulimwomba akaange mbele yetu siku ya Jumamosi, asibadili lo lote katika desturi yake. Tulitazama kimya mpaka mwisho, na makosa tuliyoyaona ni matatu: vipande vilikuwa vinene, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, na vifuko vilifungwa kachri zikiwa bado na joto. Kwa kweli makosa hayo matatu ni kosa moja. Kila moja linaacha maji mahali pasipotakiwa maji.

Muhogo mbichi, katika kila sehemu kumi za uzito wake, sehemu sita hivi ni maji. Kachri nzuri imebakiwa na maji machache mno, ndiyo maana inavunjika badala ya kupindika. Kipande kikiwa kinene, ngozi yake hukauka upesi na moyo wake hubaki na unyevu. Kikitoka motoni huonekana kimeiva, nacho huvunjika vizuri mdomoni. Lakini kadiri saa zipitavyo, unyevu wa moyoni hutembea polepole na kufika kwenye ngozi, nayo hulegea. Basi, ulegevu wa jioni ni maji yaliyosahauliwa asubuhi.

Baada ya kumweleza hayo tulianza upya naye, kwa kilo 2 za muhogo na lita moja na nusu ya mafuta. Tufuate kazi hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza ni kuchagua muhogo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkeno, na mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita tena katikati yake. Kwa hiyo wengi wetu hatuchimbi muhogo uani, bali twaununua sokoni baada ya safari ndefu. Muhogo huanza kuharibika siku ya pili au ya tatu baada ya kung'olewa. Uvunje ncha yake mbele ya mwuzaji. Ukiwa mweupe na kutoa majimaji, uchukue. Ukiona mistari ya rangi ya samawati au nyeusi, uache, kwani hata mafuta mazuri hayatauponya.

Tena uliza kama ni muhogo mtamu, wa kuchemsha na kula, au ni muhogo mchungu, wa kuvundika na kufanya unga wa fufu. Mama yetu alikuwa ameahidiwa gunia la muhogo mchungu kwa bei nafuu, akifikiri kwamba moto wa mafuta huua sumu. Hapa twawasihi wasomaji wasikilize vema. Ndani ya muhogo sumu haikai tayari. Kuna kitu chenye kuificha, na kuna kichochezi chenye kuifungua. Muhogo ukitwangwa au kuvundikwa, viwili hivyo hukutana, sumu hufunguka, nayo hutoka pamoja na maji na hewa. Mafuta ya moto hukiua kichochezi kwa dakika chache, na kile kitu chenye sumu kikabaki ndani ya kipande, tayari kufunguliwa tumboni mwa mlaji. Kuloweka vipande kwa nusu saa hupunguza sumu kidogo tu. Katika nchi yetu upande wa Kwango, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ya watu, hasa watoto na akina mama. Baadaye ilijulikana kwamba huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, huku wakikosa vyakula vya kujenga mwili kama maharagwe na samaki. Basi, muhogo mchungu uende kwenye fufu, baada ya kuvundikwa na kukaushwa barabara, na kachri ziwe za muhogo mtamu peke yake. Onja kijipande cha ncha na kukitema: ukisikia uchungu, usiukaange muhogo huo.

Pili ni kumenya na kukata. Ondoa ganda la nje pamoja na ngozi nene iliyo chini yake, kwa maana humo ndimo sumu ilimojaa zaidi. Kisha kata kwa kukingama, upate viduara vyenye unene wa milimita moja na nusu. Inua kiduara kimoja mbele ya dirisha: kikiwa chembamba vya kutosha, utaona kivuli cha kidole chako nyuma yake. Lililo kubwa kuliko wembamba ni usawa. Vipande vyembamba na vinene vikikaangwa pamoja, vile vya kwanza vitaungua kabla vile vya pili havijakauka. Mama yetu aliacha kisu akatumia ubao wenye wembe, kama ule wa kukatia kabeji, na kosa lake la kwanza likaisha siku hiyo hiyo.

Tatu ni kuloweka. Kila kipande kianguke katika maji safi ya baridi mara kikatwapo. Maji yatageuka meupe kama maziwa: huo ni wanga uliotoka katika majeraha ya kisu. Ukiachwa, wanga huo huvigandisha vipande pamoja, huchafua mafuta, na kuungua mapema. Pamoja nao hutoka sukari kidogo, ambayo ndiyo inayoleta rangi ya kahawia na ladha chungu kabla kipande hakijakauka. Tulibadili maji mara tatu ndani ya nusu saa, mpaka tukaweza kuona chini ya beseni. Usiache vilowekwe usiku kucha, kwani vitaanza kuchacha.

Baada ya hapo tulivimwaga katika kikapu vichuje, tukavitandaza juu ya kitambaa safi na kuvipangusa. Maji ya juu ya kipande hupoza mafuta, tena huyarusha usoni pa mpishi. Watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto usiyamwagie maji kamwe: funika sufuria kwa kifuniko, uondoe makaa, wala usiisogeze.

Nne ni moto wa mafuta. Hapa Goma, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Mafuta ya kachri yapaswa kufika nyuzi 170 au 180. Asiye na kipimajoto atumie kipande kimoja cha muhogo. Kikizama na kukaa chini kikitoa mapovu machache, mafuta bado. Kikipanda upesi kimezungukwa na mapovu yenye vurugu, yamefika. Mafuta yakitoa moshi, yamepita kiasi. Yaondoe motoni kwanza.

Hapo ndipo tulipoliona kosa la pili la mama yetu. Alikuwa akijaza sufuria ili kuokoa makaa. Vipande vingi vya baridi viliyapoza mafuta, na muhogo, badala ya kutoa maji yake upesi, ukakaa ukinywa mafuta. Tulimwambia atie konzi mbili tu kila mara, kimoja kimoja visishikane, akoroge polepole, na angoje mafuta yapate tena moto kabla ya kutia vingine. Kazi ilichukua muda zaidi, lakini mafuta yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko siku zake nyingine.

Wakati wa kutoa, sikio husaidia kuliko saa. Mapovu yale ni mvuke wa maji yanayotoka katika muhogo. Mwanzoni sufuria hupiga kelele. Baada ya dakika tatu hivi kelele hupungua, mapovu huwa madogo na machache. Ukimya huo ndio unaokuambia kwamba maji yamekwisha. Toa mara moja, rangi ikiwa ya dhahabu hafifu. Ukingojea kahawia utapata uchungu. Atumiaye mawese asidanganywe na rangi yake nyekundu. Na yeye asikilize sufuria.

Tano ni kupoza. Kutoka sufuriani kachri zikung'utwe vizuri zingali za moto, hasa zile za mawese, maana mawese huganda katika ubaridi wetu na kuacha utando mdomoni. Zinyunyizie mara hiyo chumvi laini iliyokaushwa juu ya kikaango. Chumvi yenye unyevu huurudisha unyevu. Kisha zitandaze katika ungo safu moja tu. Zikirundikwa, mvuke wa zile za chini hulegeza zile za juu.

Kosa la tatu la mama yetu lilikuwa hapa, nalo ndilo lililomrudishia vifuko 22. Alikuwa akifunga vifuko kachri zikiwa vuguvugu, akihofia vumbi. Tulimwonyesha kifuko kimoja alichokifunga hivyo: baada ya robo saa kulikuwa na ukungu wa maji ndani yake. Ngoja zipoe kabisa, nusu saa hivi, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi. Lakini zikishapoa usikawie, kwa sababu kachri kavu hunyonya unyevu wa hewa, na upesi zaidi siku za mvua. Zitie katika kopo lenye kifuniko cha kubana, au kifuko kinene kilichofungwa barabara, mahali pa giza, maana nuru huchachusha mafuta.

Kilo 2 zile zilitupatia gramu 750 za kachri. Tuliacha kifuko kimoja kwake na kingine kwetu. Baada ya siku saba vyote viwili vilivunjika kwa mlio. Hatusemi kwamba vitadumu miezi: mafuta nayo huchacha, na harufu ya rangi ya mbao ni dalili ya kutupa. Kachri zilizolegea kwa hewa tu zaweza kurudishwa kwa dakika chache juu ya kikaango kikavu cha moto mdogo, kisha zipozwe upya. Zile zilizolegea kwa sababu ya moyo mbichi hazirudi.

Mama yetu amekataa lile gunia la muhogo mchungu. Tangu siku ile ameupeleka dukani mzigo mara nne, na mara ya mwisho alirudishiwa kifuko kimoja tu, kilichotobolewa na panya.