Tuondoke Saa Ngapi? Wito kwa Wasafiri wa Mwanza na Visiwa Vyake

Ndugu zangu wa Mwanza, Misungwi, Sengerema na Ukerewe,

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja la Kigongo–Busisi, tarehe 19 Juni 2025, sifa tunayoisikia zaidi ni kwamba safari imekuwa fupi. Ni kweli. Kilomita 3 za juu ya maji gari linazimaliza kwa dakika chache tu. Mimi nadhani daraja lile limetupa kitu kikubwa kuliko ufupi. Zamani msafiri wa kutoka Sengerema alipokaribia Busisi hakujua atakuta nini: kivuko kinapakia, au kimeng'oa nanga sasa hivi, au malori yamepanga foleni hadi nje ya geti, au kivuko kimoja kimepelekwa matengenezo na vilivyobaki vimeelemewa. Kivuko hakikukaa majini muda mrefu. Kilichokula muda ni kukisubiri, na kusubiri huko leo kulikuwa kwa muda mfupi, kesho kwa zaidi ya saa nzima. Daraja limeondoa kubahatisha.

Nawaomba tulichukue hilo kama kipimo cha safari zetu nyingine zote. Tukipanga muda wa kutoka nyumbani, wengi wetu tunajiuliza njia inachukua muda gani kwa kawaida, kisha tunaongeza dakika kidogo za tahadhari, zile zile kila mahali. Lakini muda wa kawaida hautuambii akiba iwe kiasi gani. Akiba hutegemea njia inavyoyumba, yaani tofauti kati ya siku yake ya kawaida na siku yake mbaya. Njia ndefu isiyoyumba huhitaji akiba ndogo. Njia fupi yenye vituko huhitaji akiba kubwa, hata kama siku ikiwa njema inakufikisha upesi.

Kuipima si kazi ngumu. Chukua daftari, au andika kwenye simu, dakika ulizotumia kutoka mlangoni kwako hadi mlango wa unakokwenda. Usianze kuhesabu gari linapoondoka, maana kungoja daladala lijae nako ni safari. Ukishakuwa na safari kumi, zipange kuanzia fupi hadi ndefu.

Tuchukue mfano wa mama wa Sengerema mjini anayempeleka mtoto kliniki katika Hospitali ya Bugando, na kadi inasema saa 2:00 asubuhi. Namba hizi nimezitunga ili tuone hesabu. Tuseme safari zake kumi za kupitia darajani zimekuwa dakika 105, 108, 110, 110, 114, 118, 120, 127, 140 na 175. Siku ya kawaida iko katikati ya orodha, dakika 116 hivi. Akitoka nyumbani saa 12:04 kwa kufuata hesabu hiyo, atachelewa nusu ya safari zake, kwa sababu nusu ya orodha iko juu ya katikati. Akitumia safari ya tisa, dakika 140, atatoka saa 11:40 alfajiri na atachelewa mara moja katika kumi. Akiba yake basi ni dakika 24, na hakuikisia. Njia yenyewe imemwambia.

Inabaki ile safari ya 175. Asikimbilie kuiweka kwenye mpango wa kila siku, maana ataamka gizani bure mara tisa. Kwanza aulize ilisababishwa na nini. Ikiwa ni mvua iliyonyesha usiku kucha, basi ana njia mbili, ya siku kavu na ya siku ya mvua, na kila moja inastahili orodha yake. Mvua ina tabia ya kuharibu kila kipande cha safari kwa pamoja. Siku kavu, kukiwa na foleni Mkuyuni, huenda gari lilijaa upesi kule Sengerema na dakika zikafidiana, kwa hiyo hakuna haja ya kurundika akiba ya kila kipande juu ya nyingine. Siku ya mvua hakuna cha kufidia. Abiria wanachelewa kufika stendi, barabara kutoka Usagara kupitia Buhongwa hadi Nyegezi inakwenda kwa kusuasua, na dereva wa bodaboda wa kumpandisha kilima cha Bugando amejibanza chini ya kibanda. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatolewa jioni. Ausikilize, kisha aweke kengele ya simu.

Sasa tuseme jirani yake anamshauri apite Kamanga, ambako kivuko kinamshusha katikati ya jiji. Orodha ya njia hiyo, bado kwa mfano, inaonyesha dakika 100 kwa siku ya kawaida lakini safari ya tisa ni dakika 165. Jirani hasemi uongo anapoisifu kuwa ya mkato. Ila kwa miadi ya saa 2:00, njia ya mkato inamtaka mama atoke saa 11:15, dakika 25 mapema kuliko njia ndefu! Akienda kumsalimu dada yake Kirumba, na apite Kamanga kwa raha zake. Akiwa na kadi ya kliniki mkononi, darajani.

Penye chombo kinachoondoka kwa zamu kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni mahali pa kuiweka akiba. Barabarani ukichelewa dakika 3 umechelewa dakika 3. Gatini ukichelewa dakika 3 umepoteza zamu nzima, na kama ilikuwa ya mwisho umepoteza siku. Kwa hiyo akiba yote iwekwe kabla ya gati. Kumhimiza dereva akimbie baada ya kushuka ng'ambo hakurudishi zamu iliyopotea, na wanaojaribu hivyo tunawajua.

Njia ya visiwani ndiyo inayonifanya niandike. Meli kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua kama saa tatu ziwa likiwa tulivu. Ziwa Victoria lina desturi yake: usiku hewa ya nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji, na mawingu ya radi hujikusanya huko hadi asubuhi, mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na mvua huhamia nchi kavu. Maana yake ni kwamba anayewahi sana kuondoka kisiwani ili afike mjini mapema huenda akaingia ziwani wakati ule ule ambao ziwa halijatulia. Hapo kuongeza dakika hakusaidii. Hata orodha ya safari kumi haisaidii sana, kwa sababu chombo kuzuiwa gatini siku nzima ni jambo linaloweza lisitokee katika safari kumi, kisha likatokea katika ya kumi na moja. Kwa mwenye rufaa ya Bugando, mtihani wa taifa au kesi mahakamani, akiba inayofaa ni kulala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Na kama meli haitoki, bado ana muda wa kuzungukia kivuko cha Rugezi–Kisorya na barabara ya Bunda. Njia hiyo ni ndefu, lakini sehemu yake ya maji ni fupi.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mtu wa visiwani awe na muda wa ziada. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara. Ilisajiliwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Sisemi hata kidogo kwamba marehemu wale walikosea. Wajibu wa kuhesabu watu ni wa mwenye chombo na wa anayemsimamia. Nasema tu kwamba mtu asiye na nafasi katika siku yake hana uwezo wa kukitazama chombo kilichofurika na kusema, hiki nitakiacha. Akiba ya muda humpa uwezo huo, na hakuna dirisha la tiketi linalouza kitu hicho.

Kwa hiyo ninyi wenye nyumba Igogo, Kirumba, Mabatini na Nyakato, mnapopigiwa simu na ndugu wa Ukerewe au Ukara kwamba ana miadi kesho, msimjibu kwamba meli za asubuhi zipo. Mwambieni aje leo. Mkeka mmoja sebuleni unamwondolea safari ya mashaka.

Nanyi wenye vivuko na meli, ubao wa saa za kuondoka uandikwe na ufuatwe. Chombo kinachoondoka saa ile ile kila siku, hata kama ni mara chache, kinamwibia abiria muda mdogo kuliko kinachoondoka mara nyingi bila mpangilio. Kikiharibika, tangazeni mapema kwenye redio za mkoa na kwenye makundi ya simu ya vijiji, kabla mtu hajatoka nyumbani. Makondakta wa daladala, nanyi mnaweza kutusaidia: mtu akiuliza linaondoka saa ngapi, "sasa hivi" mwambieni pale tu viti vimebaki viwili.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaopanga saa: wauguzi wa kliniki, makarani, walimu wakuu, wenyeviti wa vikao. Mnapowaita watu wote saa 2:00 asubuhi na wa mwisho anahudumiwa saa 7:00 mchana, mnaowatoza akiba kubwa ni wale wale wa mbali, wanaotoka gizani, wanaolipa malazi, wanaoacha watoto kwa majirani. Wa Bugando mtaa wa chini anafika kwa miguu. Kwenye kadi ya miadi kuna nafasi ya makazi ya mgonjwa. Itazameni kabla ya kuandika saa. Anayekaa ndani ya jiji aandikiwe asubuhi ya mapema, wa Sengerema na Misungwi saa 4:00, na kila anayevuka ziwa aandikiwe saa 5:00 au baadaye. Foleni ya asubuhi itapungua, na idadi ya wagonjwa itabaki ile ile. Shule zenye wazazi wa visiwani zinaweza kuanza na kikao kijacho cha wazazi: kiitwe saa 6:00 mchana, na barua itaje saa ambayo kitafungwa, ili mzazi ajue kama ataiwahi meli ya kurudi au atafute pa kulala.